Sifuri ya maikromita si mwisho wa hesabu: nilivyojifunza kusahihisha vipimo vya maikromita yenye vernia

Kwa miaka mingi nimekereza shafti za pampu na za injini za boti hapa Kigoma, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliamini kwamba fundi anayekagua sifuri ya maikromita yake kila asubuhi amekwisha kutimiza wajibu wake. Shafti moja ya pampu ya maji ilinionyesha kwamba nilikuwa nimetimiza nusu tu. Ninaandika makala haya kwa ajili ya mafundi wenzangu wanaotumia maikromita ya milimita 0 hadi 25 yenye vernia, yaani ile inayosoma hadi sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa sababu kifaa kinachosoma udogo wa namna hiyo huweza kudanganya kwa udogo wa namna hiyo hiyo.

Shafti yenyewe ilipaswa kubeba beringi namba 6204, ambayo tundu lake ni milimita 20. Tundu la beringi ya kawaida ya aina hiyo linaruhusiwa kuwa dogo hadi 19.990, lakini haliruhusiwi kuzidi 20.000. Kwa kuwa shafti ndiyo inayozunguka, pete ya ndani ya beringi lazima iikamate, na kwa hiyo nilichagua mkao wa k5, ambao kwa kipenyo hicho unataka shafti iwe kati ya 20.002 na 20.011. Nilikereza, nikamalizia kwa msasa laini, nikapima, na maikromita ikasoma 20.007. Asubuhi ile nilikuwa nimekwisha kuona kwamba ikifungwa tupu inasoma 0.004, basi nikatoa 0.004 nikapata 20.003, nikaridhika. Wiki chache baadaye mwenye boti alirudi nayo akaniambia, "Fundi, ile beringi inalia." Nilipofungua nilikuta pete ya ndani imekuwa ikizunguka juu ya shafti, na mahali pake pameng'aa kama kioo.

Kabla sijaeleza kosa lilikuwa wapi, niseme kwanza namna ya kuisoma sifuri yenyewe, kwa maana hata hapo wengi hukosea. Katika maikromita hii, ngoma inayozunguka ina migawanyo 50, na kila mzunguko mmoja husogeza ufito nusu milimita, hivyo kila mgawanyo ni 0.01. Juu ya bomba tulivu kuna mistari ya vernia ambayo migawanyo yake 10 imelingana na migawanyo 9 ya ngoma, na mstari wa vernia unaokutana sawasawa na mstari wowote wa ngoma ndio unaokupa tarakimu ya sehemu za elfu. Futa nyuso mbili za kupimia kwa karatasi safi isiyoacha nyuzi, funga kwa kutumia racheti peke yake, iache ilie mara tatu, kisha soma. Rudia mara tano. Kama masomo yanatofautiana kwa zaidi ya 0.001 au 0.002, tatizo lako bado si kosa la sifuri, bali ni uchafu, ulegevu wa nati ya ndani, au mkono unaobana bila utaratibu, na hakuna hesabu itakayotibu hilo.

Ikiwa sifuri ya ngoma haijafika kwenye mstari mkuu wa bomba, kosa ni chanya na husomwa moja kwa moja: vernia ikikutana kwenye 4, kosa ni +0.004. Taabu huja pale ambapo ngoma imepita sifuri. Hapo mstari mkuu huwa kati ya 49 na 0 ya ngoma, na vernia ikikutana kwenye 7, fundi mmoja ataandika +0.007 na mwingine ataandika −0.007, na wote wawili watakuwa wamekosea. Vernia siku zote huhesabu kwenda mbele kutoka kwenye mgawanyo uliokwisha kupitwa, na mgawanyo huo ni 49, ambao hapa una maana ya −0.010. Ongeza 0.007 juu yake na kosa la sifuri ni −0.003. Baada ya hapo kanuni ni moja tu: kipimo cha kweli ni usomaji kutoa kosa pamoja na alama yake, kwa hiyo kutoa −0.003 ni kuongeza 0.003.

Kosa la sifuri lina tabia ya kuwa sawa katika urefu wote, kwani hutokana na bomba kusogea kidogo mahali pake au nyuso za kupimia kulika. Kosa la skeli ni jambo lingine kabisa. Hilo hukaa ndani ya skrubu, na kwa kuwa kila urefu unaopima hutumia sehemu yake ya skrubu, kosa hilo hubadilika kadiri ufito unavyorudi nyuma. Huwezi kuliona kwa kufunga maikromita tupu, kwa sababu ukiifunga unakagua sehemu moja tu ya uzi, ile inayotumika kwenye sifuri. Ili kulipata unahitaji vipande sanifu vya chuma ambavyo unene wake unajulikana kwa uhakika. Mimi sina seti hiyo, na sioni aibu kusema hivyo. Rafiki yangu wa Tabora aliniazima ya kwake, ikaja kwa treni ndani ya sanduku lake la mbao.

Vipande nilivyotumia ni vile vinavyozoeleka kwa kazi hii: 2.5, 5.1, 7.7, 10.3, 12.9, 15.0, 17.6, 20.2, 22.8 na 25. Kwa mara ya kwanza utashangaa kwa nini si 5, 10, 15 na 20. Sababu ni kwamba kwenye urefu kamili wa namna hiyo ngoma husimama kwenye sifuri yake kila mara, ilhali vipande hivi huisimamisha mahali mbalimbali, kama kwenye 10, 20, 30 na 40, hivyo kosa linalojirudia ndani ya mzunguko mmoja halipati pa kujificha. Niliacha vipande na maikromita pamoja juu ya bamba la chuma kivulini kwa saa mbili, kwa sababu karakana zetu huwa na joto, na kinachodhuru zaidi ni kimoja kuwa cha moto kuliko kingine. Chuma kikiwa na joto sawa na maikromita ya chuma, kutanuka kwao karibu hukatana. Lakini shafti ya milimita 20 iliyotoka sasa hivi kwenye mashine ikiwa na joto lililozidi la maikromita kwa nyuzi 30, itaonekana kubwa kwa karibu 0.007, na hilo peke yake lingetosha kuharibu mkao wa beringi.

Kipande cha 2.5 kilisomeka 2.504, yaani kosa lote ni 0.004, ambalo ni lile lile la sifuri. Kwa hiyo kosa la skeli hapo ni sifuri. Kipande cha 7.7 kilisomeka 7.706, na cha 10.3 kikasomeka 10.308, hivyo baada ya kutoa kosa la sifuri nilibakiwa na +0.002 na +0.004. Kuanzia 17.6 hadi 25 kosa la skeli lilitulia kwenye +0.008, kwa mfano, kipande cha 20.2 kilisomeka 20.212. Nilipotazama mwendo huo nilikumbuka kwamba aliyeniuzia maikromita hiyo alikuwa akipima shimu na mashina ya vali, vitu vyembamba vitupu. Sehemu ya uzi inayotumika kwenye vipimo vidogo ilikuwa imelika, na hapo ufito ulirudi nyuma kidogo kila ulipobanwa. Kisha mtu akarekebisha bomba kwa kufuata sifuri hiyo iliyochoka, naye bila kujua akausukuma upande mzima wa vipimo vikubwa usome zaidi ya ukweli. Hii ndiyo sababu sipendi mazoea ya kuzungusha bomba kwa ufunguo kila sifuri inapohama kidogo: unatibu mahali pamoja, na jedwali la makosa ulilokuwa umeliandika linakuwa halina maana tena.

Sasa rudini kwenye shafti. Usomaji ulikuwa 20.007. Toa kosa la sifuri 0.004, unapata 20.003. Toa kosa la skeli la mahali hapo, 0.008, unapata 19.995. Niliyodhani ni shafti ya kukamata ilikuwa ndogo kuliko kikomo cha chini kwa 0.007, na kama tundu la beringi ile lilikuwa karibu na 20.000, basi palikuwa na nafasi kabisa kati yao.

Ukipima urefu ulio kati ya vipande viwili, gawa kwa uwiano. Pini inayosomeka karibu na 9.0 iko katikati ya 7.7 na 10.3, na kosa la skeli lake ni katikati ya 0.002 na 0.004, yaani 0.003. Hapa kuna mtego mmoja ambao mimi mwenyewe niliukanyaga: ukiandika kwenye jedwali kosa lote, yaani usomaji kutoa unene wa kipande, basi kosa la sifuri limo ndani yake tayari, na ukilitoa tena utakuwa umesahihisha mara mbili. Mimi naandika kosa la skeli peke yake, kwa kuwa sifuri huhama siku hadi siku ilhali skrubu hubadilika polepole sana.

Ipo pia hali ambayo jedwali hili halioni. Nyuso za kupimia zikilika katikati kama kisahani, zikifungwa hukutana kwa kingo, na kipande bapa nacho hukaa juu ya kingo, hivyo kila kitu huonekana sawa. Lakini kitu cha mviringo kama gololi huzama katikati na kusomeka kidogo kuliko kilivyo. Nami huikagua kwa kupima gololi moja ya beringi mpya katikati ya nyuso, kisha karibu na ukingo. Sijali ukubwa wake halisi ni upi. Natazama tu kama masomo hayo mawili yanatofautiana.

Shafti ile niliijaza kwa kulehemu, nikaikereza upya. Safari hii nilipiga hesabu kinyume kabla ya kuanza: nilitaka 20.006 ya kweli, hivyo nikaongeza 0.004 ya sifuri na 0.008 ya skeli, na nikaendelea na msasa hadi maikromita iliposoma 20.018, shafti ikiwa imepoa kabisa. Beringi haikukubali kuingia kwa mkono. Niliipasha moto kwenye mafuta, ikaingia, ikakamata, na jedwali la makosa nikalibandika ndani ya kifuniko cha sanduku la maikromita.