Barua ya kuthibitisha kichwa cha habari: maelezo kwa wahariri wapya

Barua ya kumwambia mwandishi kwamba hakukosea ni ngumu kuiandika kuliko ya kumrudishia makala yake. Anayerudishiwa makala huelezwa sababu na yakaishia hapo, lakini anayeambiwa kuwa sentensi yake ni sahihi kwa kawaida amekwisha kuambiwa na mtu anayemheshimu kwamba si sahihi, na barua yako itasomwa na wote wawili. Ninyi mnaoanza kazi katika dawati letu hapa Tanga mtaandika barua za namna hii mara kwa mara, kwa hiyo nawaeleza jinsi moja ilivyoandikwa.

Mwandishi wetu mmoja kijana aliyeko Pangani alileta habari ya mashua ya uvuvi iliyopanda juu ya fungu la mchanga mlangoni mwa mto wakati maji yanakupwa, na ya wavuvi waliotolewa humo na wenzao kabla maji hayajajaa tena. Kichwa alichokiandika mwenyewe kilisomeka hivi: «Mashua yakwama Pangani, wavuvi waokolewa». Tulipompelekea prufu alimwonyesha mwalimu aliyemfundisha Kiswahili sekondari, na prufu ikarudi ikiwa na mambo mawili yaliyoandikwa pembeni kwa penseli. La kwanza lilisema kwamba mashua ni nomino ya ngeli ya I-ZI, hivyo haiwezi kuchukua «ya», ambayo ni ya wingi wa LI-YA. Ama iandikwe «imekwama», ama, kama zilikuwa nyingi, «zakwama». La pili lilisema kwamba kitenzi «waokolewa» hakina njeo, hivyo iandikwe «wameokolewa». Kijana aliambatanisha ujumbe mfupi akiomba tumbadilishie kichwa, maana hakutaka kuaibika.

Kabla ya kushika kalamu, soma habari yenyewe hadi mwisho. Wengi hawafanyi hivyo, kwa sababu swali limekuja kama la sarufi na wao wanakimbilia vitabu vya sarufi. Nomino «mashua» haibadiliki katika umoja na wingi, kwa hiyo kichwa peke yake hakitoshi kutuambia kama sentensi ni sahihi. Ni lazima tujue mashua zilikuwa ngapi. Ikiwa ilikuwa moja, «yakwama» ni sahihi. Ikiwa zilikuwa mbili, mwalimu ana haki na kichwa kinapaswa kusomeka «Mashua zakwama». Habari ya kijana yule ilitaja mashua moja tangu aya ya kwanza, na nahodha mmoja, na ndipo tukajua ni barua ya aina gani tunayokwenda kuandika.

Sasa tuingie katika kiini. Vichwa vya habari vya Kiswahili hutumia sana kiambishi -a- cha hali isiyodhihirika, kile cha «Bei yapanda» na «Daraja labomoka». Kiambishi hicho hakikai peke yake baada ya kiambishi cha nafsi au cha ngeli, bali huungana nacho. Njia nyepesi ya kumwonyesha mtu wa pwani ni kuvipitia vyombo vya baharini vyenyewe, kwa kuwa vimetawanyika katika ngeli karibu zote anazozihitaji. Chombo chakwama, vyombo vyakwama: hapo ki- na vi- zimegeuka cha- na vya-. Jahazi lakwama: li- na -a- zimekuwa la-. Mtumbwi wakwama: u- na -a- zimekuwa wa-. Ngalawa zakwama: zi- na -a- zimekuwa za-. Hakuna anayebishana na yoyote kati ya hizo. Basi ngalawa moja itakuwaje? Kiambishi chake cha umoja ni i-, na i- ikikutana na -a- hutoa ya-: ngalawa yakwama. Mashua iko katika ngeli hiyo hiyo, kwa hiyo mashua moja nayo yakwama.

Utata unatoka mahali pawili. Kwanza, ya- hiyo hiyo huzaliwa na wazazi watatu tofauti: i- ya umoja wa I-ZI, kama ngalawa, i- ya wingi wa U-I, kama mitumbwi yakwama, na ya- ya wingi wa LI-YA, kama majahazi yakwama, ambapo irabu mbili za namna moja zimemezana. Pili, neno mashua limeanza na «ma», na msomaji anapoona «ma» ikifuatwa na «ya» akili yake inakwenda moja kwa moja kwenye majahazi na madau. Kichwa kingesema «Ngalawa yakwama Pangani», nadhani penseli ya mwalimu isingegusa karatasi.

Katika barua, usiishie kwenye maelezo haya, kwa sababu maelezo hupingwa kwa maelezo. Mpe mwandishi jaribio analoweza kulifanya mwenyewe mbele ya mwalimu wake. Aondoe -a- na aweke kiambishi cha njeo ambacho hakimezi kiambishi cha ngeli, kwa mfano -me-: «Mashua imekwama» inakubalika, «Mashua yamekwama» haikubaliki. Kilichojitokeza mbele ya -me- ni i-, na ndicho kilichokuwa kimejificha ndani ya ya-. Kisha afanye hivyo hivyo kwa majahazi: «Majahazi yamekwama». Hapo kilichojitokeza ni ya-. Akitaka kuhakikisha zaidi, akanushe: mashua haijakwama, majahazi hayajakwama. Mtu akishayatamka mwenyewe hahitaji tena kumwamini mhariri.

Kuhusu pingamizi la pili, jambo ni lile lile ila limejificha zaidi. Katika «waokolewa» kiambishi wa- cha wavuvi kimekutana na -a-, na irabu mbili zimekuwa moja, kwa hiyo jicho halioni kitu cha ziada. Njeo imo, ila haina herufi yake peke yake. Umoja hauna nafuu: «mvuvi aokolewa» nayo ina a- mbili zilizokuwa moja. Jaribio la -me- linafaa hapa pia, lakini kuna jambo lingine ambalo mhariri lazima aliangalie kwa makini wakati wa kusoma prufu, nalo ni irabu ya mwisho. «Wavuvi waokolewa» ni habari, na «wavuvi waokolewe» ni ombi au amri, kana kwamba bado wako majini na tunawataka watu waende. Tofauti ni herufi moja tu, na mashine ya kukagua tahajia haitaikamata kwa sababu maneno yote mawili ni sahihi.

Barua tuliyoiandika ilianza kwa uamuzi na si kwa utangulizi. Mnafahamu desturi ya barua za ofisini kwetu, ambapo baada ya «Yah:» hufuata «Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu». Katika barua hii maneno hayo hayafai hata kidogo, maana msomaji atakuwa na vichwa vya habari viwili mbele yake na hatajua ni kipi tunachokizungumzia. Tuliandika hivi: «Ndugu Mwandishi, tumekipitia kichwa cha habari yako, “Mashua yakwama Pangani, wavuvi waokolewa”, pamoja na habari yenyewe. Kwa kuwa habari inahusu mashua moja, sentensi hiyo ni sahihi kisarufi katika sehemu zake zote mbili, nasi tutaichapisha kama ulivyoiandika.» Angalieni neno «kwa kuwa». Uthibitisho umefungwa kwenye ukweli wa habari, ili kesho mtu asichukue barua yetu akaitumia kutetea mashua tatu.

Aya iliyofuata ilimhusu mwalimu, ingawa haikuandikiwa yeye. Tulisema kwamba kanuni aliyoitaja ni ya kweli: wingi wa mashua hauchukui ya-, na tungemshukuru mtu yeyote aliyetuzuia kuandika hivyo. Tulichoongeza ni kwamba ya- iliyomo hapa si ya wingi. Sikuona sababu ya kuandika kwamba mwalimu amekosea, wakati ukweli ni kwamba ameitumia kanuni sahihi mahali ambapo haihusiki. Barua inayomfedhehesha mwalimu mbele ya mwanafunzi wake haithibitishi sarufi yoyote, na katika mji mdogo kama Pangani huyo kijana atakutana naye msikitini au sokoni kesho yake.

Kuna hoja mbili ambazo nawaomba msizitumie, japo huku kwetu zinakuja mdomoni upesi. Moja ni kusema kwamba magazeti yote yanaandika hivyo. Ni kweli yanaandika, lakini magazeti pia huandika makosa, na mwalimu atakuletea mkasi na vipande vya kutosha. Nyingine ni kusema kwamba sisi ni watu wa Mrima na lugha ni yetu. Anayeongea Kimtang'ata nyumbani hajapewa kwa hilo mamlaka ya kuamua usanifu, na sentensi iliyobishaniwa haina lolote la lahaja ndani yake. Ni Kiswahili sanifu mwanzo hadi mwisho, na inajitetea yenyewe.

Jambo la kufaa lipewe aya yake, baada ya usahihi na si pamoja nao. Sentensi inaweza kuwa sahihi na bado ikamkwaza msomaji mara ya kwanza, na kwa sababu ya «ma» na «ya» hii ina hatari hiyo kidogo. Tulimwambia mwandishi kwamba akipenda anaweza kuandika «Mashua moja yakwama Pangani», ambapo neno «moja» linaondoa shaka kwa gharama ya herufi nne na nafasi yake, ila uchaguzi ni wake. Hatukumshauri abadilishe mashua iwe jahazi ili upatanisho uonekane vizuri zaidi. Mashua si jahazi, na wasomaji wa Pangani wanajua hivyo kabla hawajajua kusoma. Ukibadilisha chombo ili kuepuka ubishi wa kiambishi, umeiponya sarufi kwa kuiharibu habari.

Nakala ya barua mpeni anayepanga kurasa, na juu ya prufu andikeni wazi kwamba kichwa kibaki kilivyo. Hatari ya mwisho iko hapo, kwa sababu alama za penseli zinabaki pembeni, na mpangaji mwenye nia njema anayeona «zakwama» imependekezwa ataiingiza usiku wa kuchapa. Hapo mashua moja itakuwa nyingi kwa herufi moja tu, na habari itakuwa imesema uongo ambao hakuna aliyeuandika.

Mwalimu alitujibu kupitia kijana. Alilikubali suala la mashua bila maneno mengi. Kuhusu waokolewa alisema haoni tena kosa la sarufi, ila bado angependa «wameokolewa», kwa sababu uokoaji ulikwisha na watu wako majumbani. Tulimjibu kwamba hapo hatubishani naye juu ya usahihi, bali tumependelea sehemu mbili za kichwa kimoja ziwe katika hali moja, na kwamba «Mashua yakwama, wavuvi wameokolewa» ingemfanya msomaji atafute tofauti ya wakati ambayo haipo katika habari. Hakukubali, na kichwa kilichapishwa kama kilivyokuwa.