Jibu: mwili unaoamini una njaa

"Damu imejaa sukari, sasa mbona mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza anakonda na damu inageuka asidi?"

Ndugu, ini hufuata zaidi amri ya homoni. Insulini ikikosekana, glukagoni, homoni inayopandisha sukari, hubaki bila mpinzani na ini huamini mtu amefunga siku nyingi. Linavunja glaikojeni, akiba yake ya sukari, kisha linatengeneza glukosi mpya kwa asidi amino zinazotoka kwenye misuli. Misuli yenyewe haivuti glukosi ya kutosha, kwa hiyo sukari inapanda.

Sehemu ya ketoni ndiyo wengi huipita haraka. Insulini ndiyo huzuia lipasi, kimeng'enya kinachovunja mafuta, kwenye seli za mafuta. Kizuizi kikiondoka, asidi za mafuta hufurika kwenye ini na kukatwakatwa kuwa asetili-koA. Ingeingia kwenye mzunguko wa Krebs ichomwe kuwa nishati, lakini oksaloasetati, molekuli ya kuipokea humo, imevutwa kutengeneza glukosi. Ini basi huigeuza kuwa asetoasetati na beta-hidroksibutirati, ketoni ambazo ni asidi. Bikaboneti ya damu inaisha kwa kuzizima, na mgonjwa anapumua kwa kina, pumzi ikinuka asetoni.

Uzito je? Chukua glukosi ya 25 mmol/L. Figo huanza kuimwaga ikipita kama 10. Akipoteza gramu 100 kwa siku kwenye mkojo, ni kilokalori 400 hivi, na maji yanaifuata. Ongeza misuli na mafuta yanayovunjwa, utaelewa kwa nini anakonda hata akila sana.