Unapanda Rombo? Karatasi ya rimoti ya kumwachia anayebaki nyumbani

Desemba ikifika, nyumba nyingi za Njiro, Sakina na Kijenge hubaki na mtu mmoja: shemeji, binamu anayesoma chuo au kijana wa jirani. Wenyewe wamepanda Rombo, Machame, Marangu. Anayebaki anaachiwa funguo, anaonyeshwa mita ya LUKU na chakula cha mbwa, lakini zile rimoti tatu za mezani anaambiwa tu "utaziona." Jioni ya kwanza simu inaita: "Shem, TV imekataa."

Mara nyingi TV haijakataa kitu. Iko kwenye mlango wa HDMI usio wake, au king'amuzi kimezimwa na mtu aliyedhani anakiwasha.

Hapo ndipo karatasi nyingi zinapokosea. Zinaanza na kitufe: "washa TV, washa king'amuzi, weka HDMI." Kitufe cha kuwashia ndicho hicho hicho cha kuzimia. Mtu akikuta king'amuzi tayari kinafanya kazi, akaifuata karatasi neno kwa neno, anakizima. Kioo kinakuwa cheusi, anabonyeza mara mbili kwa haraka, anarudi pale pale. Kwa hiyo anza na taa, kisha ndiyo utaje kitufe. Mwambie aangalie nini kabla hajagusa chochote. Rangi za taa hutofautiana kati ya mashine na mashine, hivyo simama mbele ya ya kwako uziandike unavyoziona, usikisie.

Kabla ya kuandika, zipe rimoti majina. Kipande cha plasta mgongoni na kalamu ya maka vinatosha: A ni ya TV, B ya king'amuzi, C ya sabufa. Usiandike "ile nyeusi kubwa", kwa sababu zote ni nyeusi. Kisha andika mfuatano mmoja tu, wa kazi anayoifanya kila siku. Kwa sebule yenye TV, king'amuzi cha dishi na sabufa, inaweza kuwa hivi:

"Shem, kwanza washa swichi ya ukutani, halafu ya ekstensheni. Taa ya TV chini kulia itakuwa nyekundu. Chukua A, bonyeza kitufe chekundu mara moja, subiri picha yoyote itokee. Bonyeza SOURCE, shuka kwa mshale hadi HDMI 1, bonyeza OK. Sasa angalia king'amuzi. Taa ikiwa ya kijani, usiguse kitu. Ikiwa nyekundu, chukua B, bonyeza kitufe chekundu mara moja na uweke rimoti chini. Umeme ukiwa umetoka kurudi kinachelewa kuamka, mpe dakika mbili tatu. Chaneli unabadilisha kwa B, sauti unaongeza kwa C. A haina kazi tena mpaka wakati wa kuzima."

Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. Mtu akiongeza sauti kwa rimoti ya TV wakati sauti inatokea kwenye sabufa, atafika 100 bila kusikia tofauti yoyote. Siku spika za TV zikirudi kufanya kazi, nyumba nzima itashtuka.

Sabufa inahitaji aya yake. Nyingi za bei ya kawaida hazina kumbukumbu: umeme ukikatika na kurudi, zinaamka kwenye BT au redio, hata kama uliziacha kwenye AUX. Picha ipo, sauti hakuna. Andika hivyo hivyo: "Picha ipo sauti hakuna, chukua C, bonyeza INPUT moja moja mpaka kidirisha cha sabufa kiandike AUX." Angalia kidirisha cha sabufa yako kinaandikaje, kwa sababu zingine huandika LINE.

Kama mna TV gadi, mweleze kwamba umeme ukirudi haiachii hapo hapo. Inasubiri kwa makusudi mpaka umeme utulie, na muda huo TV haitakuwa na taa hata moja. Asiyejua huchomoa na kuchomeka upya, na kila akifanya hivyo saa ya kusubiri inaanza mwanzo.

Sasa maneno yanayotisha kuliko yote: No Signal. Yana maana mbili, na karatasi yako itenganishe. Yakiwa ndani ya kiboksi kinachotembea kwenye kioo kitupu, au kwenye rangi moja tu, anayesema ni TV: haipokei kitu kwenye mlango iliopo. Ama mlango si HDMI 1, ama king'amuzi kimezima, ama waya umelegea. Dawa yake ni kurudia mfuatano kutoka SOURCE. Lakini menyu ya king'amuzi ikifunguka kawaida na ujumbe wenye namba ukakaa juu ya picha, TV haina hatia. Kwenye king'amuzi cha DStv, kwa mfano, E48 ni mawimbi ya dishi na E16 ni mambo ya kifurushi. Mvua kubwa ikipiga, ya kwanza inaweza kutokea na ikaondoka yenyewe mvua ikipungua. Asipande juu ya bati. Ya pili haiponi kwa rimoti yoyote, unailipa wewe ulipo.

Kuna vitufe viwili vya kutaja kwa jina ili visiguswe. Baadhi ya rimoti za king'amuzi zina TV na STB pembeni. Ukigusa TV, rimoti hiyo inaacha kuongea na king'amuzi, na mtu ataapa betri zimekufa. Kubonyeza STB kunairudisha. Cha pili ni kutafuta chaneli upya au kurudisha mipangilio ya kiwandani. Hakuna tatizo la jioni moja linalohitaji hilo.

Betri nazo zina kipimo chake. Fungua kamera ya simu, ya mbele ni bora kwa sababu za nyuma nyingine huchuja, elekeza pua ya rimoti na ubonyeze kitufe chochote. Nukta ya zambarau ikimetameta kwenye simu, rimoti inarusha na kosa liko kwingine. Isipoonekana, badilisha betri. Acha mbili mpya za AAA juu ya karatasi.

Jambo moja la kuamua wewe kabla ya kuondoka: TV nyingi zina mpangilio unaofanya kifaa kimoja kiwashe au kizime kingine kupitia waya wa HDMI. Samsung huuita Anynet+, LG SimpLink. Ukiwa umewashwa, mtu anazima TV kwa A na king'amuzi kinaweza kuzima nacho, na mfuatano wako wa taa unavurugika. Uzime, au uandike karatasi ukiwa umewashwa. Usiuguse baada ya kuandika.

Kisha ijaribu. Zima kila kitu ukutani, subiri dakika moja, mpe karatasi mtu ambaye hajawahi kuishika rimoti yenu, wewe kaa jikoni. Kila mara anapoita kuuliza, hapo pana sentensi iliyokosekana. Iongeze pale pale alipokwama, si mwishoni.

Mwisho piga picha nyuma ya TV, waya zote zikionekana, na kwenye karatasi andika waya upi umeingia tundu lipi. Siku atakapopiga deki na mpini wa mopu ukanasa kitu nyuma ya meza, hiyo picha ndiyo atakayoiangalia.