Faida ya mahindi, Kiryandongo

“Nimevuna kilo 1,700, bei ni shilingi 900. Mbegu na mbolea 430,000, vibarua 480,000, usafiri 130,000. Faida ni 490,000?”

Hesabu yako ya kutoa ni sahihi, ndugu, ila uzito huo huenda ni wa mahindi ambayo hayajakauka vizuri. Ikiwa yana unyevu wa asilimia 18, yakikaushwa hadi 13.5 yatabaki takriban kilo 1,610, yaani shilingi 1,449,000, na ukitoa gharama 1,040,000 faida inakuwa 409,000. Wanunuzi wa Bweyale huuma punje, na isipovunjika kwa mlio mkavu hushusha bei. Mimi nilikatwa hivyo msimu uliopita. Je, hao vibarua ni pamoja na wa kupukuchua?