Shahidi wa pili alisaini kesho yake

"Marehemu baba alisaini wosia mbele ya jirani. Mdogo wangu, aliyeachiwa shamba, alisaini kama shahidi wa pili kesho yake, baba hayupo. Unasimama?"

Pole kwa msiba, ndugu. Tatizo ni hiyo kesho yake. Nchi nyingi zenye sheria za asili ya Kiingereza zinataka mwenye wosia asaini, au akiri sahihi yake, mbele ya mashahidi wawili walio pamoja, kisha nao wasaini mbele yake. Kwa unavyoeleza, wosia huenda ukaanguka wote, na mali igawanywe kama vile hakuuacha.

Hata angekuwepo, mdogo wako kwa kawaida angelikosa shamba kwa sababu shahidi hafai kurithi kwa wosia alioushuhudia, ingawa sehemu nyingine zingebaki.

Wosia ukipingwa, anayeuleta mahakamani ndiye anayeuthibitisha. Jirani ataulizwa nani alikuwepo chumbani na kama mzee aliusomewa. Kama mdogo wako ndiye aliyeuandika, hakimu atauchunguza kwa jicho kali zaidi. Na tafadhali, msiing'oe ile pini ya karatasi kwa ajili ya fotokopi: matundu mapya huzua swali la ukurasa uliobadilishwa.