Jani la parachichi linakatwa kwenye ikoni, nifanyeje?

"Shikamoo kaka. Nipo Tukuyu, nimetengeneza apu ndogo ya bei za parachichi. Ikoni nimechora parachichi lililopasuliwa lenye jani juu kulia, na fremu nyeupe pembeni yenye kona za mviringo. Kwenye kompyuta iko safi ila kwenye simu yangu jani linaliwa na fremu inabaki vipande vipande. Simu ya mwenzangu inatoa kitu kingine tena. Tatizo ni simu au mchoro?"

Marahaba mdogo wangu. Mchoro. Simu zenu zote mbili zinafanya kazi yake sawasawa, ila kila moja inakata ikoni kwa umbo lake, ya kwako inaweza ikawa inakata duara na ya mwenzako mraba wenye kona laini, na tangu Android 8 hilo umbo anachagua mtengenezaji wa simu sio wewe. Kwa hiyo usichore ikoni ya simu yako, chora kitu ambacho kikikatwa vyovyote vile kinabaki kizima.

Fremu futa kabisa, usijaribu hata kuiokoa. Ukiwa na mstari unaofuata ukingo halafu simu ikakata duara, zinabaki nyuzi nne tu juu chini kushoto kulia na kona zote zimeenda, na simu nyingine ikikata kona kwa mviringo tofauti na wa kwako unakuta mstari mnene upande huu na mwembamba kule. Hakuna kipimo cha fremu kinachokaa vizuri kwenye maumbo yote, mimi nimehangaika nayo sana miaka ya mwanzo hapa Mbeya, wateja wanaipenda kwa sababu kwenye karatasi inapendeza, saivi nikiletewa naitoa kabla hata ya kuanza kazi.

Sasa tuje kwenye jani. Ikoni ya Android ina leya mbili, ya nyuma na ya mbele, na kila moja ni mraba wa dp 108 kwa 108, dp ni kipimo cha Android cha vitu kwenye skrini. Kinachoonekana ni dp 72 za katikati tu, zile 18 za kila upande zimeachwa ili simu ipate nafasi ya kukata na kuchezesha leya mtu anapoburuta ikoni. Na ndani ya hizo 72 kuna duara la dp 66 ambalo umbo lolote la kukatia haliruhusiwi kuligusa. Hilo duara ndo shamba lako, vitu vyote vya maana vikae humo.

Mimi napenda kuanza na karatasi. Chukua A4, chora mraba wa milimita 108, tafuta katikati, halafu kwa bikari chora duara la nusu kipenyo milimita 33. Yani milimita moja ni dp moja, huna hesabu ya kubadilisha. Chora parachichi lako humo kwa penseli, halafu kila ncha inayochomoza pima kwa rula kutoka katikati mpaka pale rangi inapoishia. Ikizidi 33 iko nje, basi.

Tuchukulie ncha ya jani lako iko milimita 20 kulia na 30 juu ya katikati. 20 mara 20 ni 400, 30 mara 30 ni 900, jumla 1300, kipeuo chake ni kama 36. Na 36 ndo nusu ya zile 72, maana yake simu inayokata duara inapita juu kabisa ya ncha ya jani, ndo maana unaona limeliwa. Angalia kwamba 20 na 30 zote ni ndogo kuliko 33, ukipima upana na urefu peke yake unaona uko salama kumbe kona ndo inakuangusha. Watu wengi wanakosea hapa hapa.

Wengi wakiona hivyo wanapunguza mchoro wote. Ukishusha mpaka asilimia 90 ncha inakuja 18 kulia na 27 juu, ambayo ni kama 32.4, imeingia. Lakini umelifanya tunda zima liwe dogo kwa ajili ya ncha moja ya jani, mi siipendi hiyo. Bora ulikunje jani, lisimame zaidi badala ya kulala kulia, ncha iwe 12 kulia na 29 juu. Hapo unapata kama 31.4 na tunda halijapungua hata kidogo. Kisha pima na tumbo la parachichi kule chini pembeni maana ndo pana, likiwa 20 pembeni na 25 chini ni 32, liko salama ila limekaribia, usilinenepeshe tena.

Ukiridhika hamia kwenye kompyuta, fungua turubai ya pikseli 1080 kwa 1080, kila milimita ya karatasi inakuwa pikseli 10. Parachichi na jani vikae leya ya mbele na pembeni pawe wazi. Leya ya nyuma iwe rangi tupu inayojaza mraba wote mpaka ukingoni, usikate kona mwenyewe, ukikata mwenyewe na simu ikakata tena utaona vipembe vyeupe. Faili lenyewe linakaa `res/mipmap-anydpi-v26/ic_launcher.xml`:

```xml
<?xml version="1.0" encoding="utf-8"?>
<adaptive-icon xmlns:android="http://schemas.android.com/apk/res/android">
    <background android:drawable="@color/ikoni_nyuma" />
    <foreground android:drawable="@drawable/ikoni_mbele" />
</adaptive-icon>
```

Ukitumia Image Asset ya Android Studio angalia sehemu ya Trim, iwe No. Ikiwa Yes inafuta ile nafasi wazi uliyoiacha kwa makusudi na parachichi linavimba mpaka nje, unarudi kule kule. Washa Show Safe Zone uone lile duara, ncha ya jani ikiwa ndani endelea, ikiwa nje cheza na Resize mpaka ikae kama ilivyo kwenye karatasi.

Picha ya Play Store ni kazi nyingine na hapa pia watu wanajichanganya. Yenyewe inataka PNG ya 512 kwa 512, mraba kamili, kona wanakata wao. Ukichukua turubai yako nzima ya 1080 ukaipunguza kuwa 512, parachichi litaonekana dogo limepotea katikati ya rangi, kwa sababu dukani hawaondoi zile 18 za pembeni. Kata kwanza pikseli 720 za katikati, halafu hizo ndo uzipunguze kuwa 512, dukani na kwenye simu parachichi litakuwa na ukubwa unaofanana.

Na kama ulikuwa unawaza ulifute tu jani yaishe, usilifute. Ikoni ikishakuwa ndogo kwenye skrini, parachichi lililopasuliwa bila jani mtu anaona yai la kuchemsha limekatwa katikati, lile duara la kokwa ni kiini kabisa. Jani ndo linamwambia mkulima wa Rungwe kwamba hili ni tunda lake.