Kuvunja sheria hadharani: mfano wa akina mama wa Uhuru Park

"Wadau, mtu akivunja sheria makusudi kwa kuwa anaiona mbaya, tofauti yake na mhalifu ni nini? Si kila mtu atajichagulia sheria za kufuata?"

Nilikuwa kijana Nairobi mwaka 1992, na kwangu jibu liko kwa wale akina mama wa wafungwa wa kisiasa. Watoto wao walifungwa kwa kudai vyama vingi. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba kilichohalalisha chama kimoja kikafutwa, lakini vijana wakabaki ndani.

Tarehe 28 Februari 1992, wakiwa na Wangari Maathai, akina mama walianza kwa kwenda kwa Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, kumwomba wana wao waachiliwe. Wakamwambia watamsubiri Uhuru Park. Wakakaa pale na kugoma kula, bila kujificha. Mkutano wa hadhara wakati huo ulihitaji leseni ya serikali, yaani unayemlalamikia ndiye unayemwomba ruhusa ya kulalamika. Hapo ndipo ninapoona uhalali wao. Mwizi naye hukiuka sheria, ila hamwambii mwenye mali atakuwa wapi.

Machi 3 polisi wakaja na marungu na gesi ya machozi. Maathai alipigwa hadi akazirai. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari. Wasiojua mila waliona kichaa, kumbe ni laana nzito: mwanamke wa rika la mama yako anakuonyesha ulikotoka. Hawakurusha hata jiwe.

Wengi hudai anayevunja sheria kwa dhamiri lazima ajisalimishe aadhibiwe. Nakubali pale mahakama ziko huru. Akina mama hawa walihamia kanisa kuu la All Saints na kukaa takriban mwaka mzima. Jioni nilipopita nilikuta magodoro sakafuni, mablanketi, na watu wakisimulia walivyoteswa. Je, kukimbilia kanisani kuliharibu hoja yao? Sioni hivyo. Kila mtu, polisi wakiwemo, alijua walipo. La msingi ni gharama ikuangukie wewe, si mpita njia. Kukubali kipigo ni jambo jingine. Ukifunga barabara mgonjwa akakwama kwenye matatu, umemtwisha gharama asiyehusika, na hapo mimi nakuacha.

Mapema 1993 wafungwa wakaachiliwa, wote 52 isipokuwa mmoja. Ila hata wangeshindwa, hukumu yangu ingekuwa ileile.

Kuhusu kila mtu kujichagulia: mwaka 1997 leseni iliondolewa, sasa unapeleka taarifa polisi angalau siku 3 kabla. Kwa hiyo anayeandamana leo bila taarifa, akisema anafuata nyayo za akina mama wale, kwanza anionyeshe taarifa aliyopeleka ikakataliwa bila sababu ya maana.